Ng'ombe, n'gombe au ngombe? Kusaka ritifaa kabla hujabonyeza Send

Hii ni kwa wale wa ofisini Uganda ambao bosi kashawaambia barua ya mteja wa Tanzania iandikwe Kiswahili, Kiswahili cha heshima sio cha stendi, alafu ukishamaliza kuandika unakodolea macho neno moja tu, ng'ombe, hujui kale ka-alama kanakaa wapi. Jina lake ni ritifaa. Tutaichukua barua moja mbaya tuitibu mpaka ipone, dalili moja baada ya nyingine, kwa sababu ukiambiwa tu "andika vizuri" hujasaidiwa kitu.

Barua yenyewe nimeitunga, ila makosa yake ni yale yale yanayozunguka kila siku. Tuseme ni kampuni ya mifugo ya Mbarara inamwandikia meneja mmoja Dar:

```
MADA: USAFIRISHAJI WA NGO'MBE 40
Ndugu Meneja,
Tunakujulisha kuwa n'gombe 40 walionunuliwa na mteja
wenu wa ngambo wamepimwa na daktari wa mifugo, na cheti
kimeambatishwa. Lori litabeba pia ng'ozi 60 za ngombe na
magunia 20 ya pumba za ng'ano kwa ajili ya chakula cha
njiani. Tunaomba mng'ojee lori Mutukula. Manunguniko ya
safari iliyopita tumeyafanyia kazi.
```

Hesabu mwenyewe, yako manane. Na uone jambo moja, ng'ombe kaandikwa mara tatu na kila mara kivyake, NGO'MBE, n'gombe, ngombe. Msomaji wa Dar ataelewa, hawezi kudhani unamuuzia mbuzi, lakini atajua barua haikusomwa mara ya pili, na huyo ndo mtu unayemwomba aamini kwamba cheti cha daktari wako kiko sawa.

Dalili ya kwanza: ritifaa haipo, au ipo lakini imekaa pabaya

Hapa ndo penye ngombe, ngambo, manunguniko, na pia n'gombe na ngo'mbe. Chanzo ni kimoja, mwandishi anachukulia ritifaa kama pambo la neno, anakumbuka kuna ka-kitu hapo mwanzoni mwanzoni basi anakapachika popote. Ukweli ni kwamba n, g na ritifaa ni kitu kimoja, ng', zinasimama kwa sauti moja tu ambayo haina g ndani yake. Ulimi unagusa huko nyuma kabisa ya kinywa, pumzi inapita puani, alafu unaingia moja kwa moja kwenye irabu. Waganda, Waacholi, Walango na Wakaramojong hamna haja ya kufundishwa sauti hii, ni ile ile mnayoiandika kwa herufi ŋ nyumbani. Kiswahili hakina herufi ŋ kwa hiyo kinatumia ng' badala yake, na ritifaa kazi yake ni kukwambia usiisome g. Ndo maana lazima ikae baada ya g, sio kabla yake, na wala haivuki irabu kwenda kukaa baada ya o.

Sasa kipimo. Mimi nawapa watu maneno matatu wayaseme polepole kwa sauti: ngozi za ng'ombe. Kwenye ngozi utasikia g ikigonga kabla ya o, kwenye ng'ombe haigongi. Neno lolote linalokutatiza liweke katikati ya hayo mawili ujiulize linafanana na lipi. Ng'ambo inafuata ng'ombe, ngambo haipo. Ngazi, ngapi, ngoja, nguo, mpango, mchango, kiwango, tangazo, changamoto, hizi zote zinafuata ngozi na hazitaki alama yoyote.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kuna watu wengi tu, hapa na hata Kenya, wanatamka ngombe kwa g nzito kabisa tangu utotoni, na mtu wa namna hiyo akitumia sikio lake litamdanganya kila siku kwa sababu yeye masikioni mwake ngozi na ngombe ni sawa. Kama ndo wewe, achana na sikio, shika orodha, na habari njema ni kwamba orodha ni fupi. Maneno ya ng' yanayoweza kuingia kwenye barua ya kazi ni haya ukiwa na bahati mbaya ya kuyahitaji yote: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'aa na ng'ara (na kung'arisha, king'aavyo), ng'amua pamoja na mtoto wake king'amuzi, ng'ang'ania, ng'atuka, king'ora, nong'ona, nung'unika na manung'uniko, kung'uta. Bandika karibu na kompyuta, inatosha. Neno lisilokuwemo humo na lenye ng ndani, dau langu ni kwamba halina ritifaa, na ukiwa na wasiwasi fungua kamusi.

Jihadhari na vitenzi maana vinajificha. Ng'oa peke yake mtu anaikumbuka, lakini ikishavaa viambishi ikawa iling'olewa, wameung'oa, kung'olewa, ritifaa inadondoka njiani kwa sababu jicho halioni tena mwanzo wa neno. Ritifaa haiondoki kwa sababu ya kiambishi. Sauti ni ile ile, alama ni ile ile. Na kwa ng'oa kuna hatari ya ziada maana ngoa bila ritifaa nayo ni neno, ni wivu au uchu, kwa hiyo kikagua tahajia hata kikiwa cha Kiswahili kinaweza kukupitishia bila kusema kitu.

Nung'unika na ng'ang'ania zina usumbufu wao. Ng'ang'ania inataka ritifaa mbili, watu wanaweka moja wanaona imetosha. Nung'unika ritifaa iko katikati, na kwa vile n ya kwanza haina shida mtu anaipita tu. Kwa barua yetu lakini mimi ningelitoa kabisa hilo neno. Ukimwambia mteja "manung'uniko yenu" ni kama unamwambia ananuna, malalamiko ndo neno la ofisini, hapo umepona tahajia na adabu kwa pamoja.

Dalili ya pili: ritifaa imeingia mahali isipotakiwa

Ng'ozi, ng'ano, mng'ojee. Hili ni kosa la mtu aliyeshaonywa. Kaambiwa juzi ng'ombe ina ritifaa, basi anaanza kuzimwaga kama chumvi kwenye kila ng anayokutana nayo. Ng'ozi na mng'ojee ni za namna hiyo, dawa yake ni kile kipimo cha juu tu.

Ila ng'ano ni kesi tofauti, na hii wengi wanaoisahihisha hawajui inatoka wapi. Inatoka kwenye Kiganda. Kiganda ngano ni eŋŋano, ngoma ni eŋŋoma, ngamia ni eŋŋamira. Kwa hiyo Mganda akiandika ng'ano, ng'oma, ng'amia hajabahatisha, kasikiliza vizuri sana, tatizo ni kwamba kasikiliza lugha nyingine. Kiganda kina tabia yake, n ikikutana na g alafu silabi inayofuata ikaanza na m au n, ile g inamezwa inabaki ŋŋ. Ndo maana engege yule samaki na engabo ile ngao zimebaki na g yake, silabi inayofuata haina pua, na kwenye maneno ya aina hiyo huwezi kuona Mganda anakosea. Kiswahili hakina hiyo tabia. Ngano, ngoma, ngamia zinatamkwa na g yake kamili. Mnyankole ambaye kwao ni engoma hapati shida hii hata kidogo.

Kwa hiyo kama wewe ni Mganda, au unasahihisha barua iliyoandikwa na Mganda, usikague ng zote kwa nguvu sawa. Weka jicho kwenye zile ambazo m au n inafuata karibu: ngoma, ngano, ngamia. Hapo ndo mtego ulipo. Na mtego wenyewe mbaya ni kwamba ng'ombe na ng'ambo nazo zina m inayofuata lakini zenyewe kweli zinataka ritifaa, kwa hiyo usije ukatunga kanuni ukasema kila penye m futa. Hazifuati kanuni ya Kiganda, zinakaririwa tu.

Kitu kingine cha Kiganda ni ile ritifaa ya kufupisha, n'omuntu, n'ente na kadhalika, ambapo irabu imemezwa. Ukizoea hiyo mkono unaandika n' wenyewe kabla akili haijafika, na nadhani nusu ya n'gombe zote zinazaliwa hapo. Kiswahili cha kuchati nacho kina n'takuja, n'shafika. Kwenye meseji sawa, kwenye barua ya kazi andika nitakuja, nimeshafika, basi.

Jinsi ya kuzitafuta zote bila kupitwa

Kusoma kwa macho peke yake haitoshi kwa sababu jicho linasoma maana sio herufi. Bonyeza Ctrl+F, andika ng, alafu pita moja moja. Barua ya ukurasa mmoja haitakuwa na nyingi, dakika mbili tatu umemaliza. Lakini hapo kuna tundu, n'gombe haitatokea kwenye utafutaji huo, kwa sababu ritifaa imekaa katikati ya n na g. Kwa hiyo fanya raundi ya pili, kopi ritifaa yenyewe kutoka ndani ya barua, pesti kwenye kisanduku cha kutafuta, uone zote zimekaa baada ya nini. Kila ritifaa lazima iwe nyuma yake kuna ng na mbele yake kuna irabu. Ikikaa vinginevyo ni kosa, au ni jina la mtu, au ni alama ya kunukuu. Na usikopi kutoka sehemu moja tu, kama barua imepita mikono miwili mitatu inaweza kuwa na ritifaa za sura tofauti, jambo linalotupeleka kwenye dalili inayofuata.

Dalili ya tatu: kwako iko sawa, kwa mpokeaji ni takataka

Unapigiwa simu, "Bwana, kwenye orodha yako kuna vitu gani hivi?" Anakutumia picha na unaona hiki:

```
ng’ombe
ng'ombe
ng?ombe
```

Usianze kurekebisha tahajia, tahajia iko sawa. Kilichotokea ni kwamba ritifaa zipo za aina mbili, iliyonyooka ' na iliyopinda ’, kwa macho ni ndugu lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Ukiandika kwenye Word inapinda yenyewe. Iliyopinda ikihifadhiwa kwa UTF-8 inakuwa baiti tatu, alafu programu ya upande wa pili ikizisoma kwa usimbaji wa zamani wa Windows, kila baiti inageuka herufi yake, unapata ’. Hiyo ya pili yenye ' ni ritifaa iliyonyooka iliyofichwa kwa ajili ya ukurasa wa wavuti na mfumo fulani ukasahau kuifichua. Ya tatu ndo mbaya zaidi, mfumo haukuwa na nafasi ya alama hiyo ukaweka alama ya kuuliza, na hapo imepotea, huwezi kuirudisha ila kwa mkono.

Kwenye mwili wa imeili siku hizi haitokei mara nyingi. Inatokea kwenye kiambatisho, hasa ile orodha ya CSV ambayo mwenzako anaifungua kwa kubofya mara mbili na Excel inakisia vibaya. Ukiwa ndo mtumaji, hifadhi kwa chaguo la "CSV UTF-8 (Comma delimited)" sio CSV ya kawaida. Ukiwa mpokeaji, usibofye faili, fungua Excel kwanza, nenda Data, alafu From Text/CSV, na pale penye File Origin chagua 65001: Unicode (UTF-8). Na dawa ya mzizi ni kutumia ritifaa iliyonyooka kwenye data zote, acha iliyopinda ibaki kwenye barua za kupendeza. Kwa sababu hata isipogeuka takataka, ukiwa na orodha moja yenye ng'ombe iliyonyooka na nyingine yenye ng’ombe iliyopinda, ile VLOOKUP yako itasema haioni kitu, na utakaa hapo hadi saa kumi jioni unatafuta nafasi iliyozidi wakati shida ni ritifaa.

Kuzuia Word isipinde: File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, alafu AutoFormat As You Type, toa tiki pale penye "Straight quotes" with “smart quotes”. Kama ni neno moja tu hakuna haja ya safari yote hiyo, andika ritifaa, ikipinda tu bonyeza Ctrl+Z hapo hapo kabla ya herufi inayofuata, inanyooka na neno linabaki.

Zipo pia alama mbili za kufananafanana ambazo sio ritifaa kabisa. Ile ` inayokaa kwenye kibodi juu kushoto jirani na 1, na ile ‘ iliyopinda kwa kugeukia upande mwingine, hii mara nyingi inatoka kwenye simu, mtu anabonyeza na kushikilia kitufe anachagua ya kwanza aliyoiona. Ng`ombe na ng‘ombe kwenye skrini ndogo zinapita, zikichapishwa kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni zinaonekana mbali. Futa, andika upya.

Dalili ya nne: mstari mwekundu, au kutokuwepo kwake

Word ikidhani unaandika Kiingereza itachora mstari mwekundu chini ya karibu kila neno, na penye wekundu kila mahali macho yanaacha kuuona. Chagua maandishi yote, nenda Review, Language, Set Proofing Language, uweke Kiswahili, kama zana zake hazijasakinishwa itakuomba uzisakinishe. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni kinyume chake, neno ngombe bila mstari wowote. Hapo uwezekano mkubwa kuna mtu ofisini alichoka na wekundu akabonyeza Add to Dictionary, na tangu siku hiyo hiyo kompyuta inaamini ngombe ni sahihi na haitamwonya mtu tena. Nenda File, Options, Proofing, Custom Dictionaries, Edit Word List, ulitafute humo ulifute. Angalia na majirani zake, akiwepo ngombe na ngambo huwa hayuko mbali.

Dalili ya tano: herufi kubwa

Mwanzo wa sentensi ni Ng'ombe, N peke yake. Kichwa chote kikiwa cha herufi kubwa ni NG'OMBE. Ukikuta Ng'Ombe ujue hakuna binadamu aliyeiandika, ni fomula ya PROPER ya Excel, hiyo inakuza kila herufi inayofuata kitu kisicho herufi na ritifaa kwake sio herufi. Rekebisha kwa mkono au usitumie PROPER kwenye safu hiyo.

Barua yetu ikishatibiwa inasomeka hivi:

```
MADA: USAFIRISHAJI WA NG'OMBE 40
Ndugu Meneja,
Tunakujulisha kuwa ng'ombe 40 walionunuliwa na mteja
wenu wa ng'ambo wamepimwa na daktari wa mifugo, na cheti
kimeambatishwa. Lori litabeba pia ngozi 60 za ng'ombe na
magunia 20 ya pumba za ngano kwa ajili ya chakula cha
njiani. Tunaomba mngojee lori Mutukula. Malalamiko ya
safari iliyopita tumeyafanyia kazi.
```

Kimebaki kitu kimoja, majina ya watu. Kote huku nilikokwambia usahihishe, kwenye majina usisahihishe. Kuna anayejiandika kwa ritifaa na kuna anayetamka ŋ kabisa lakini kitambulisho chake hakina alama yoyote, na wote wawili wako sawa. Angalia alivyosaini kwenye barua yake ya mwisho ukopi vile vile, na kama hajawahi kukuandikia mpigie aliyekupa jina umuulize.